Mvua ya mwezi: nguzo au mstari? Usikubali grafu ikudanganye

Leo hatuzungumzii mbegu wala dawa. Tunazungumzia ile grafu ya mvua unayoitengeneza kwenye simu au kompyuta ukishajaza daftari lako la kipimamvua. Wengi wenu mmeanza kupima, na ni jambo jema, lakini kila anayeniletea grafu naona amebonyeza aina ya kwanza aliyoiona. Mara nyingi anachagua mstari kwa sababu unapendeza. Sasa nataka nikuonyeshe jinsi mstari ulivyotaka kumla kijana mmoja hela ya mbegu.

Kijana huyu analima mahindi na ufuta upande wa Mahurunga, si mbali na Mto Ruvuma. Alinijia mwezi wa Julai na magunzi matatu mkononi. Punje zilikuwa hapa na pale, kama meno ya mzee.

"Bwana shamba, mbegu hii imeniangusha," akaniambia. "Msimu ujao nanunua ile ya bei kubwa. Mvua haikuwa na shida, grafu hii hapa."

Akanionyesha simu. Ni kweli, mstari ulipanda kuanzia Novemba, ukafika juu Januari, ukaendelea hukohuko juu mpaka Machi, kisha ukashuka. Ukiutazama unasema mvua ilikuwa safi. Nikamuuliza, "Hapa Februari ulipata ngapi?" Akaweka kidole kwenye mstari, akasoma pembeni. "Kama mia mbili na ishirini."

Nikamwambia afungue daftari. Februari ilikuwa tupu. Alikuwa amesafiri kumuuguza mama yake, na nyumbani hakuna aliyesoma kipimamvua. Kwa hiyo ile 220 haikupimwa na mtu. Programu ilichukua alama ya Januari na alama ya Machi, ikaziunganisha kwa mstari, na mstari ukapita juu ya Februari. Jirani yake, ambaye shamba lake haliko hata kilomita moja, alikuwa amepima Februari yote. Alipata milimita 85.

Tofauti hiyo si ndogo. Alipanda mahindi karibu na tarehe 20 Desemba, kwa hiyo yalitoa mbelewele na ndevu katikati ya Februari. Hindi lililo kwenye hatua hiyo, kwa joto letu la pwani, linaweza kunywa milimita 5 kwa siku au zaidi. Siku 28 mara 5 ni milimita 140. Lilipata 85, tena kwenye udongo wa kichanga usioshika maji. Ndevu zikachelewa kutoka, poleni ikafa kwa jua, punje hazikushika. Mbegu haikuwa na kosa. Angenunua mbegu ya bei kubwa na kuipanda tarehe ileile, na Februari ikarudi na jua lile, angeniletea magunzi yaleyale.

## Mvua ya mwezi ni kitu cha namna gani?

Kabla ya kuchagua grafu, jiulize unachopima ni kitu cha namna gani. Ukisema "Januari tulipata milimita 210", una maana umejumlisha maji yote yaliyoingia kwenye kipimamvua tangu tarehe 1 mpaka tarehe 31. Ni kama ndoo moja. Februari ni ndoo nyingine, nayo inaanza ikiwa tupu. Ndoo ya Januari haigeuki polepole kuwa ndoo ya Februari.

Grafu ya mihimili, ile yenye nguzo zilizosimama, inasema jambo hilohilo. Kila mwezi una nguzo yake, imesimama chini kwenye sifuri, na urefu wake ndio maji yaliyopatikana. Kati ya nguzo na nguzo kuna nafasi, kwa sababu kati ya ndoo na ndoo hakuna kitu.

Grafu ya mstari inasema jambo lingine. Inasema kitu kilikuwa hapa, kikafika pale, na njiani kilipita kila mahali mstari ulipopita. Kwa joto la mchana ni sawa. Joto likitoka nyuzi 26 asubuhi likafika 31 saa 8 mchana, ni lazima lilipita 28 na 29 njiani. Ndiyo maana kwenye grafu za hali ya hewa za vitabu vya jiografia, mvua huchorwa kwa nguzo na joto huchorwa kwa mstari juu yake, kwenye karatasi moja. Si urembo. Ni vitu viwili vya aina tofauti.

Kwa hiyo shika kipimo hiki kimoja, kitakutosha kwa somo lote: weka kidole katikati ya alama mbili za grafu. Je, pale kidole kilipo kuna kitu kweli? Kama kipo, mstari unafaa. Kama hakipo, weka nguzo. Katikati ya "jumla ya Januari" na "jumla ya Februari" hakuna kitu. Kwa hiyo mvua ya kila mwezi ni nguzo.

## Tuchore pamoja

Hizi hapa namba za kujifunzia. Nimezitengeneza ziwe rahisi kuhesabu na zifuate sura ya mvua zetu za msimu mmoja hapa Mtwara. Si rekodi za kituo cha hali ya hewa, kwa hiyo usizinakili kwenye andiko la mkopo.

| Mwezi | Msimu wa 1 (mm) | Msimu wa 2 (mm) |
|---|---|---|
| Nov | 35 | 10 |
| Des | 140 | 65 |
| Jan | 210 | 150 |
| Feb | 85 | 195 |
| Mac | 230 | 240 |
| Apr | 150 | 170 |
| Mei | 40 | 75 |
| Jun | 5 | 0 |
| Jul | 0 | 5 |
| Ago | 0 | 0 |
| Sep | 10 | 0 |
| Okt | 15 | 10 |

Angalia kwanza nilikoanzia. Sikuanza Januari. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba na zinakwisha Aprili au Mei, yaani zinavuka mwaka mpya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, nayo hutoa utabiri wa mvua za msimu kwa mikoa yetu ya kusini kwa kipindi cha Novemba mpaka Aprili. Ukianza grafu Januari, unaukata msimu vipande viwili: mkia wa msimu uliopita unakaa kushoto, kichwa cha msimu mpya kinakaa kulia, na katikati kuna shimo la kiangazi. Mtu akiitazama anadhani mwaka mmoja ulikuwa na mvua mara mbili, kama vuli na masika za Tanga. Anzia Novemba, nguzo zako zitasimama pamoja kama msimu mmoja.

Kwenye Excel, andika miezi safu ya A na milimita safu ya B, zichague zote, kisha nenda `Insert` na uchague `Column`. Hapa wengi wanakosea. Kwenye Excel na Google Sheets, kile kinachoitwa `Bar` ni nguzo zilizolala. Nguzo zilizosimama zinaitwa `Column`. Miezi inasomeka vizuri ikienda kushoto kwenda kulia, kwa hiyo chagua `Column`.

Kisha tazama kipimo cha pembeni, zile namba za milimita. Lazima zianze 0. Nguzo inasomwa kwa urefu wake wote, na ukiikata miguu inasema uongo. Chukua Machi ya misimu yetu miwili, 230 na 240. Tofauti yake haizidi milimita 10. Ukianza kipimo kwenye 220, nguzo ya 230 itakuwa nusu ya nguzo ya 240, na mtu ataapa kwamba msimu wa 2 ulipata mvua mara mbili.

Msimu wa 1 ukishauchora, Februari inajitokeza yenyewe. Nguzo ndefu ya Januari, nguzo ndefu ya Machi, na katikati nguzo fupi ya 85, kama jino lililovunjika. Huhitaji bwana shamba akuelezee. Unaanza kujiuliza mwenyewe, mahindi yangu yalikuwa hatua gani wakati ule?

## Tupu si sifuri

Sasa turudi kwa kijana wa Mahurunga, maana kosa lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuchagua mstari. Ya pili ni namna ya kuandika mwezi ambao hukupima.

Kwenye daftari kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Ukiangalia kipimamvua na kukuta hakuna maji, andika 0. Hiyo ni taarifa kamili: ulipima, mvua haikunyesha. Usipoangalia, acha kisanduku wazi na uandike pembeni sababu: nilisafiri, mbuzi waliangusha kipimamvua, mtoto alimwaga. Kuandika 0 mahali ambapo hukupima ni kusema kulikuwa na ukame ambao huenda haukuwepo.

Nguzo inaheshimu tofauti hiyo kwa sehemu kubwa. Mwezi usiopimwa unabaki na nafasi tupu, na kila mtu anauliza, hapa kuna nini? Tahadhari moja tu: mwezi wenye 0 nao hauna nguzo, kwa hiyo kwa macho unafanana na mwezi usiopimwa. Dawa yake ni kuwasha namba juu ya nguzo, yaani `Data Labels`. Mwezi uliopimwa utaonyesha 0, usiopimwa hautakuwa na namba.

Mstari ni hatari zaidi. Excel yenyewe ina njia tatu za kushughulikia kisanduku tupu. Ukibonyeza grafu kwa kitufe cha kulia, ukaingia `Select Data` kisha `Hidden and Empty Cells`, utaona `Gaps`, `Zero` na `Connect data points with line`. Ya kwanza inakata mstari, ya pili inauangusha mpaka chini, ya tatu inauunganisha kama hakuna kilichotokea. Ni daftari moja, lakini utapata grafu tatu zinazosimulia hadithi tatu. Kijana wetu alipata ya tatu. Januari 210, Machi 230, katikati yake ni 220, na ndiyo namba aliyoisoma.

Kuna ujanja mwingine wa mstari unaoweza kuugundua kwa jicho. Programu zinaruhusu kulainisha mstari, `Smoothed line`, ukawa na mikunjo kama vilima. Ukiona mstari wa mvua umezama chini ya sifuri kwenye Julai na Agosti, ujue umelainishwa. Hakuna mvua ya chini ya sifuri. Mkunjo ule haukutoka kwenye kipimamvua, programu imeubuni ili upendeze.

Na mwezi uliopimwa nusu? Tuseme ulipima siku 18 za Machi ukapata 130. Usiuchore kama mwezi kamili. Upake nguzo yake rangi nyepesi na uandike chini "siku 18". Ukifika kwa mtu wa benki au wa bima ya mazao, ni bora akute umesema ukweli kuliko augundue mwenyewe.

## Mstari una kazi yake: mvua iliyojumlishwa

Sasa usiondoke hapa ukisema bwana shamba amekataza mstari. Kuna mahali mstari unaishinda nguzo, na kwa mkulima wa biashara ni mahali muhimu.

Jumlisha misimu yetu miwili. Msimu wa 1 unapata milimita 920. Msimu wa 2 nao unapata 920. Ukiambiwa jumla tu, utasema ni misimu pacha. Lakini aliyelima anajua si pacha hata kidogo. Wa kwanza ulianza mapema ukavunjika Februari. Wa pili ulichelewa kuanza na ukavuta mpaka Mei.

Ukizipanga nguzo za misimu miwili pembeni kwa pembeni, unaona tofauti, lakini macho yanachoka. Ukiongeza msimu wa tatu na wa nne, nguzo zinajaa kama uzio wa mianzi, husomi kitu. Hapo ndipo tunabadilisha swali. Badala ya kuuliza "mwezi huu ulipata ngapi", tunauliza "tangu msimu uanze, tumefikisha ngapi mpaka leo?" Kwenye safu mpya andika hivi na uivute mpaka chini:

```
=SUM(B$2:B2)
```

Alama ya `$` inashikilia mwanzo usisogee, ili kila mstari ujumlishe kuanzia Novemba. Msimu wa 1 unakupa 35, 175, 385, 470, 700, 850, 890 mpaka Mei. Msimu wa 2 unakupa 10, 75, 225, 420, 660, 830, 905.

Sasa weka kidole katikati ya mwisho wa Desemba na mwisho wa Januari. Msimu wa 1 ulitoka 175 ukafika 385. Je, tarehe 15 Januari kulikuwa na jumla fulani? Ndiyo, ilikuwa mahali kati ya 175 na 385, maana jumla hairudi nyuma na hairuki. Hatujui ilikuwa ngapi hasa, lakini ilikuwepo. Kipimo cha kidole kimepita, kwa hiyo chora mstari bila wasiwasi.

Mistari hii miwili inasomeka kwa mwinuko. Ukipanda kwa kasi, mvua ni nyingi. Ukilala, mvua imekatika. Kufikia mwisho wa Januari msimu wa 2 uko nyuma kwa milimita 160 (385 kutoa 225). Februari mstari wa msimu wa 1 unalala kidogo, wa pili unaukaribia. Mwisho wote wanakutana 920. Na mstari huu ukiona umeshuka, hata kidogo, ujue kuna kosa la kuandika, kwa sababu maji yaliyokwisha kunyesha hayawezi kupungua kwenye hesabu.

Kuna faida nyingine. Msimu ukiwa unaendelea, unaweza kuweka mstari wa mwaka huu juu ya mistari ya miaka uliyopima na kuona mapema kama umechelewa. Mtu wa ufuta anayepanga kupanda Januari mwishoni au Februari atajua udongo umepata maji kiasi gani kabla ya kuweka mbegu. Hilo nguzo za mwezi mmoja mmoja hazikuambii kwa haraka.

Lakini onyo: mwezi ukikosekana, mstari wa jumla unaharibika kuanzia pale mpaka mwisho, sio mwezi ule tu. Kama hukupima Februari, acha mstari uishie Januari, au tumia kipimo cha jirani wa karibu na uandike wazi kwamba ni cha jirani.

## Mto sio mvua

Vijana wa mpunga bondeni, hii ni ya kwenu. Wengine mnapima kina cha Ruvuma kwenye mti uliowekwa alama, na mnakichora pamoja na mvua. Vizuri, ila msivichore kwa namna moja. Kina cha mto kiko pale muda wote. Leo mita 3.2, kesho 3.4, basi usiku kilipita 3.3. Kidole kinapita, kwa hiyo mstari unafaa. Mvua ya shambani kwako inabaki nguzo.

Ukiviweka kwenye karatasi moja, utaona jambo ambalo limewatia hasara wengi: nguzo zako fupi, na mstari wa mto unapanda. Maji ya Ruvuma hayatoki kwenye mvua yako. Yanatoka mbali, milima ya upande wa Songea, na upande wa Msumbiji yanaletwa na Mto Lugenda. Anayetegemea nguzo za mvua ya kijijini kumwambia mafuriko yanakuja atalala maji yakiingia jaruba.

Na mlio chini kabisa, karibu na mlango wa mto kuelekea Msimbati, kwenu hata mstari una mpaka wake. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua inajaa zaidi. Ukipima kina mara moja kila asubuhi na kuunganisha alama, mstari wako utaruka kupanda na kushuka kote kulikotokea katikati. Kidole hapo hakipiti. Pimeni mara nyingi kwa siku, au angalau muandike kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa.

## Pale ambapo nguzo ya mwezi haitoshi

Nguzo ya mwezi ni ya kweli, ila inaficha siku. Tuichukue ile Februari ya 85 na kuigawa kwa siku kumi kumi. Tuseme siku kumi za kwanza zilipata 70, siku kumi za pili 15, na siku 8 za mwisho 0. Jumla ni ileile 85. Lakini sasa unaona shida kamili: karibu maji yote yalishuka kabla mahindi hayajatoa mbelewele, na yalipohitaji, mbingu zilikuwa kavu. Kwa mazao ya muda mfupi kama ufuta, nakushauri uchore nguzo tatu kwa kila mwezi. Ni nguzo vilevile, ila ndoo zimekuwa ndogo.

Mfano mwingine mnaukumbuka. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja na mvua na upepo kwenye pwani yetu, kikatua upande wa Mafia tarehe 4 Mei. Mvua ya kimbunga inashuka ndani ya siku chache. Ukiwa na nguzo ndefu ya Mei, mtu atasema "mwaka ule msimu ulivuta", apange ufuta wake kwa kutegemea Mei yenye mvua. Ukigawa kwa siku kumi, utaona nguzo moja imesimama mwanzoni na mbili nyuma yake ni fupi. Si msimu uliovuta, ni tukio. Liandike pembeni ya nguzo, ili miaka mitano ijayo usijidanganye mwenyewe.

Jambo la mwisho ni tarehe. Tunasoma kipimamvua saa 3 asubuhi, saa ileile vinayosoma vituo vya TMA. Maji unayoyakuta asubuhi ya tarehe 1 Machi yameingia tangu jana saa 3, kwa hiyo sehemu kubwa ni mvua ya Februari. Yaandike kwenye tarehe ya jana. Ukiyaweka Machi, na usiku ule zilinyesha milimita 40, umeipunguza nguzo moja na kuirefusha nyingine bila kujua.

Kijana wa Mahurunga tulikaa naye chini ya mwembe tukaichora upya kwa namba ya jirani, nguzo kwa nguzo. Akaitazama ile fupi ya Februari, kisha akatazama magunzi yake. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo ningepanda lini?" Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Tukakubaliana atagawa shamba: sehemu apande mvua za kwanza zikishika, sehemu nyingine wiki tatu baadaye, kwa mbegu ileile ya bei yake ya zamani, ili jua la Februari likirudi lisiyakute mahindi yote kwenye mbelewele. Na kipimamvua kakabidhi kwa mdogo wake, na daftari limefungwa kamba kwenye nguzo ya ukumbi.

Kazi yako ya wiki hii: fungua daftari la msimu uliopita, panga miezi kuanzia Novemba, chora nguzo, kisha chora mstari wa jumla kwenye karatasi ya pili. Chini ya nguzo andika tarehe uliyopanda na tarehe zao lilipotoa maua. Ukikutana na nguzo fupi juu ya maua, njoo nayo ofisini kata, tuizungumze kabla hujanunua mbegu.